Ploti ina ruta thelathini: jinsi ya kupata chaneli ya waifai isiyo na msongamano

Kila mwezi napigiwa simu za aina moja. Mtu amelipia faiba, mchana mambo ni shwari, ikifika saa 2 usiku video inazunguka tu. Rafiki amemwambia abadilishe chaneli ya ruta, naye anauliza: "Fundi, niweke namba ngapi?" Siwezi kumjibu kwa simu. Namba inayomfaa jirani wa ghorofa ya tano inaweza kukuharibia wewe wa ghorofa ya pili, kwa hiyo ni lazima ipimwe pale pale ruta inapokaa. Habari njema ni kwamba kupima hakuhitaji fundi. Dakika sitini za jioni zinatosha.

Mifano yangu inatoka kwenye ploti za Nairobi, zile za Pipeline, Umoja na Roysambu, ambako milango inaangaliana kwenye korido moja na nyuma ya kila mlango kuna ruta. Ukikaa kwenye fleti za Upanga au Kariakoo, Dar, hatua ni zile zile.

## Uwe na nini kabla ya kuanza

- Laptopu iliyochomekwa kwenye chaja. Chaja ina sababu yake, nitaieleza kwenye hatua ya 1.
- Simu ya Android yenye programu ya kuonyesha mitandao. Mimi hutumia ile ya bure inayoitwa `WiFi Analyzer`. Mwenye iPhone apakue `AirPort Utility`, kisha aende kwenye mipangilio ya simu, afungue jina la programu hiyo na awashe `Wi-Fi Scanner`.
- Anwani ya ruta na neno la siri la kuingilia ndani yake. Mara nyingi viko kwenye kibandiko chini ya ruta. Hili si lile neno la siri la kuungia waifai.
- Karatasi na kalamu.
- Muda kati ya saa 2 na saa 4 usiku. Ukipima saa 4 asubuhi majirani wako kazini, utapata majibu ya ploti tupu ambayo usiku hayatakusaidia.

## Jambo moja la kuelewa kwanza

Waifai ya 2.4GHz ina chaneli 1 hadi 13, na watu hudhani ni vyumba 13 vyenye kuta. Sivyo. Kutoka chaneli moja hadi nyingine ni megahezi 5 tu, ilhali mtandao mmoja unahitaji upana wa megahezi 20. Kwa hiyo ukikaa chaneli 3, umemwagikia 1, 2, 4 na 5, na ncha zako zinagusa za aliye 6. Chaneli zinazoweza kukaa pamoja bila kugusana ni tatu: 1, 6 na 11.

Sasa, sehemu ambayo wengi huikosa ni hii. Ruta mbili zilizo chaneli moja zinasikilizana na kupishana. Mmoja akisema, mwingine anangoja. Ni foleni, na foleni inachosha lakini inasonga. Ruta iliyo chaneli 3 karibu na iliyo chaneli 1 haielewi maneno ya mwenzake, inasikia makelele tu, kwa hiyo haijui wakati wa kungoja. Zinasema kwa pamoja, ujumbe unaharibika, unatumwa tena, unaharibika tena. Fikiria mikutano miwili ya injili kwenye viwanja vinavyopakana, kila mmoja na spika zake. Afadhali ungekuwa mkutano mmoja wenye wahubiri sita wanaopokezana maikrofoni.

Ndiyo maana lile pengo tupu unaloliona kwenye mchoro kati ya 1 na 6 ni mtego. Limeachwa tupu kwa sababu.

## Hatua ya 1: Hakikisha tatizo liko hewani

Usiguse ruta bado. Kwanza tujue kama kinachokwama ni waifai ndani ya nyumba au ni intaneti inayoingia kutoka nje. Chaneli haiwezi kutibu faiba iliyokatika barabarani.

Kwenye Windows fungua `Command Prompt`, andika `ipconfig`, utafute mstari wa `Default Gateway`. Hiyo ndiyo anwani ya ruta yako. Kisha uandike `netsh wlan show interfaces` na uangalie mstari wa `Channel`. Windows mpya zinataka `Location` iwashwe kwanza. Ukiona namba kati ya 1 na 13 uko kwenye 2.4GHz. Ukiona 36 au zaidi uko kwenye 5GHz, hamia kwanza kwenye jina la 2.4GHz, la sivyo utapima kitu kingine kabisa.

Sasa piga ping, yaani tuma ujumbe mdogo na upime muda wa jibu kurudi, mara mia kwa ruta, halafu mara mia kwa intaneti:

```
ping -n 100 192.168.1.1
ping -n 100 8.8.8.8
```

Weka anwani yako badala ya hiyo ya kwanza. Kwenye Linux na Mac andika `-c` badala ya `-n`. Kaa mahali ambapo huwa unatumia intaneti, si mbele ya ruta, na mwombe kila mtu nyumbani asimamishe video kwa dakika tano, kwa sababu katuni za mtoto wako nazo ni msongamano.

Soma majibu hivi. Ping ya ruta ikirudi kwa milisekunde chache, bila kupoteza hata moja, na ile ya 8.8.8.8 ikiwa mbovu, hewa yako ni safi. Funga mwongozo huu, mpigie mtoa huduma. Lakini ping ya ruta yenyewe ikirukaruka, sasa 4, mara 180, mara `Request timed out`, basi tatizo ni safari ya mita chache kati ya laptopu na ruta, na hapo chaneli inaweza kusaidia.

Andika kwenye karatasi wastani na idadi zilizopotea. Bila kipimo cha kabla, hutajua kama mabadiliko yamesaidia au umejifariji tu.

Kosa la kawaida: kupima kwa simu, au kwa laptopu inayotumia betri. Kifaa kinachobana chaji huzima redio ya waifai kwa vipindi vifupi, na ping itarukaruka hata kama hewa ni safi. Hiyo ndiyo sababu ya chaja.

## Hatua ya 2: Orodhesha majirani

Fungua `WiFi Analyzer`. Itataka ruhusa ya mahali ulipo, na lazima `Location` iwe imewashwa. Bila hiyo Android haitakuonyesha orodha, utaona ukurasa mtupu udhani programu ni mbovu. Simama karibu na ruta, subiri kama dakika mbili. Usibonyeze-bonyeze kitufe cha kuonyesha upya, kwani Android inaruhusu programu kuchunguza hewa mara nne tu ndani ya dakika mbili. Ukizidisha unapewa orodha ya zamani.

Asiye na simu ya Android anaweza kutumia laptopu. Windows mpya nazo zinataka `Location` iwashwe:

```
netsh wlan show networks mode=bssid
```

Kwenye Linux:

```
nmcli -f SSID,BSSID,CHAN,SIGNAL dev wifi list --rescan yes
```

Kwa kila mtandao andika vitu vitatu: chaneli, nguvu ya mawimbi, na `BSSID`, ile namba ndefu yenye jozi sita. Jina halina maana sana hapa.

Nguvu huandikwa kwa dBm na daima ni namba hasi. Hapo ndipo wengi huteleza: -45 ni kelele kubwa ya mtu aliye ukutani kwako, -80 ni mtu wa mbali, -90 karibu hasikiki. Windows huonyesha asilimia badala yake. Gawanya kwa mbili, toa 100, utapata makadirio: asilimia 50 ni kama -75.

Kisha nenda pale unapokaa na laptopu au chumbani ambako runinga iko, ukaandike orodha ya pili. Ruta iliyo sebuleni inaweza isimsikie jirani wa nyuma ya chumba cha kulala, ilhali simu yako kitandani inamsikia vizuri sana. Ruta inadhani njia iko wazi, inatuma, na simu inapokea vurugu. Hii pia ndiyo kasoro ya mpangilio wa `Auto`: ruta inachagua kwa masikio yake yenyewe tu, haijui simu inasikia nini.

## Hatua ya 3: Hesabu vifaa, usihesabu majina

Hapa chukua muda wako, maana hesabu mbaya ndiyo inayompeleka mtu chaneli mbaya.

Futa kwanza mtandao wako mwenyewe. Usicheke, nimeona watu wakijikimbia.

Futa ulio dhaifu kuliko -85. Kanuni za waifai zinataka kifaa kiweze kumsikia mwenzake wa chaneli ile ile kwa -82, na anayesikika ndiye unayempisha. Mimi huacha nafasi kidogo.

Unganisha majina yanayotoka kwenye ruta moja. Ruta moja inaweza kutoa jina la nyumbani, jina la wageni, na lingine lililofichwa. Utazitambua kwa `BSSID` zinazofanana karibu zote, zikitofautiana jozi ya kwanza au ya mwisho, na nguvu inayokaribiana. Hicho ni kifaa kimoja, kihesabu mara moja. Majina yanayoanza na `DIRECT-` ni runinga na printa. Kwa kawaida zimelala, ziweke pembeni.

Mwishowe, kwa kila moja ya 1, 6 na 11, jumlisha waliomo pamoja na wote walio umbali wa chini ya namba tano. Aliye 9 anaingia kwenye hesabu ya 6 na pia ya 11. Aliye 3 anaingia kwenye 1 na kwenye 6. Hao wa katikati wanamwumiza kila mtu.

Tuchukue nyumba moja niliyoenda Pipeline. Dada mmoja anakaa ghorofa ya kwanza, juu kidogo ya duka la michezo ya video. Ruta yake ilikuwa chaneli 3, aliiweka mwenyewe baada ya kuona pengo kwenye mchoro. Ping ya ruta ilikuwa na wastani wa milisekunde 64 na saba kati ya mia zilipotea. Baada ya kufuta yake na dhaifu, karatasi ilisema hivi saa 3 usiku:

```
Chaneli   Majina   Aliye karibu zaidi   Vifaa
1         6        -48                  6
6         5        -66                  4
9         2        -76                  2
11        7        -51                  3
```

Ukitazama majina tu, chaneli 11 ndiyo iliyojaa kuliko zote. Lakini yale majina saba yalitoka kwenye ruta tatu. Tukiwaongeza wale wawili wa chaneli 9, hesabu inakuwa: chaneli 1 ina sita, chaneli 6 ina sita, chaneli 11 ina tano. Kwa karatasi, 11 ndiyo mshindi, tena kwa pua tu.

Usifungie hapo. Hesabu inakuambia wako wangapi, haikuambii nani anaongea sana. Jirani mmoja anayepakua magemu usiku kucha anachosha kuliko majirani watano wanaosoma ujumbe wa WhatsApp. Kwa hiyo tofauti ya kifaa kimoja au viwili ichukulie kama sare, ujaribu zote.

## Hatua ya 4: Badilisha kwenye ruta

1. Fungua kivinjari, andika anwani ya ruta uliyoipata hatua ya 1, uingie kwa neno la siri la kwenye kibandiko.
2. Tafuta sehemu ya `WLAN` au `Wireless`, kisha `2.4G`. Kila kampuni ina mpangilio wake. Mara nyingi utaipata chaneli chini ya `Advanced`.
3. Ondoa `Auto` kwenye `Channel`, uchague 1, 6 au 11.
4. Kwenye `Channel Width` au `Bandwidth`, weka `20MHz`. Ukiacha `40MHz` kwenye 2.4GHz unajitandaza karibu nusu ya nafasi yote iliyopo, na utagombana na watu wa chaneli mbili kwa wakati mmoja. Kipimo cha kasi usiku wa manane kitapendeza, lakini hukai macho usiku wa manane.
5. Hifadhi. Waifai itakatika kwa sekunde kadhaa, irudi.

Tahadhari tatu. Usibonyeze kile kitundu cha `Reset`. Ruta nyingi za faiba zina mipangilio ya mtoa huduma ndani yake, ukiifuta utakaa bila intaneti hadi aje mtu. Usibadilishe `Country` au `Region` ili upate chaneli zaidi, unaweza kujikuta unatangaza kwenye masafa yasiyoruhusiwa ulipo. Na usikimbilie chaneli 13 eti haina mtu: bado inagongana na aliye 11, na vifaa vilivyotengenezwa kwa soko la Marekani mara nyingi haviioni kabisa.

## Hatua ya 5: Jaribu, ndipo uamue

Rudia ile ping ya ruta, mara mia, mahali pale pale, jioni ile ile, kwa kila chaneli kati ya tatu. Ni kama dakika tano kwa kila moja. Ping yenyewe ruta huiweka nyuma ya kazi nyingine, kwa hiyo milisekunde moja moja zisikusumbue. Linganisha chaneli na chaneli.

Kwa yule dada matokeo yalikuwa haya:

```
Chaneli   Wastani (ms)   Zilizopotea kati ya 100
3         64             7
11        35             3
1         19             1
6         8              0
```

Ile 11 iliyoshinda kwa karatasi ilishindwa hewani. Moja ya zile ruta tatu ilikuwa ya duka la michezo la chini, na hadi saa 5 usiku vijana wanacheza huko. Tulirudia jaribio baada ya duka kufungwa, na 11 ikashuka hadi milisekunde 6, safi kabisa. Lakini yeye saa hiyo huwa amelala, kwa hiyo tuliacha 6. Angalia pia kwamba hata chaneli 1, yenye majirani sita na mmoja akiwa -48, ilikuwa bora mara tatu kuliko lile pengo la chaneli 3.

Rudia jaribio usiku wa pili kabla ya kusahau jambo hili. Usiku mmoja unaweza kuwa na mechi.

## Hatua ya 6: Hamisha unachoweza kwenda 5GHz

Kama ruta yako ina majina mawili, au ina sehemu ya `5G` kwenye mipangilio, hapa ndipo penye nafuu kubwa kuliko yote niliyosema juu. Hiyo `5G` ya ruta haina uhusiano na ya simu ya mkononi. Mawimbi ya 5GHz yanachoka haraka yakikutana na kuta za mawe, na kwenye ploti uchovu huo ni faida: jirani wa mlango wa tatu humsikii, naye hakusikii. Nyumba ya chumba kimoja au viwili haihitaji zaidi.

Simu, laptopu na runinga mpya zipeleke huko. Vifaa vya zamani na taa za kuwashwa kwa simu vibaki 2.4GHz. Nakushauri uzipe bendi hizo majina tofauti, maana zikiwa na jina moja simu hujichagulia, na mara nyingi hung'ang'ania ile mbovu.

Chaneli za 5GHz zinachaguliwa kwa mafungu. Fungu la 36 hadi 48 ndilo ambalo ruta nyingi hukaa tangu zinapotoka kiwandani, kwa hiyo ndilo linalojaa kwanza. Kama ruta yako inatoa 149 hadi 161, jaribu huko. Katikati, 52 hadi 144, mara nyingi kuna ukimya wa ajabu, kwa sababu ni masafa yanayotumiwa pia na rada na ruta inalazimika kusikiliza angalau sekunde 60 kabla ya kuanza kutangaza. Ikisikia rada baadaye, inahama papo hapo. Kwenye ploti za Embakasi, jirani na uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, mimi sijihangaishi na fungu hilo.

Upana wa `80MHz` unameza chaneli nne kwa mpigo. Ukiona majirani wanne au watano wenye nguvu kwenye fungu lako, shusha hadi `40MHz`. Kasi ya juu itapungua, kukwama kutapungua zaidi.

## Mambo yakikataa

Chaneli inarudi yenyewe baada ya siku chache. Angalia kama `Auto` imewashwa tena. Kama haijawashwa, huenda mtoa huduma anasimamia ruta yako kutoka mbali na mipangilio yake inafuta yako. Piga simu uwaombe waiweke chaneli hiyo upande wao.

Ilikuwa nzuri, stima zilipotea, zikarudi, sasa ni mbaya. Ruta zote za jengo ziliwaka ndani ya dakika moja, na zile za `Auto` zilichagua upya kwa pamoja wakati hewa bado haijatulia. Rudia hatua ya 2 na 3. Yako uliyoifunga haijahama, lakini majirani wamekujazia.

Runinga au printa haioni tena mtandao. Ama umeweka chaneli 12 au 13, ama kifaa hicho hakina 5GHz. Kirudishe kwenye jina la 2.4GHz.

Jina la 5GHz limepotea baada ya kuhifadhi. Uko kwenye chaneli za rada. Subiri dakika moja. Kwenye 120 hadi 128 kusikiliza huko kunaweza kufika dakika 10. Likipotea mara kwa mara bila sababu, rudi 36 au 149.

Inakwama dakika mbili tatu halafu inapona, hasa saa za chakula. Maikrowevu, yako au ya jirani. Inatumia masafa ya 2.4GHz, na hakuna chaneli ya huko inayoiepuka vizuri. Sogeza ruta mbali na jikoni, au tumia 5GHz.

Ping ni safi mbele ya ruta, mbovu chumbani, kwa chaneli zote tatu. Hapo si msongamano, ni umbali na kuta. Pima nguvu ya mtandao wako mwenyewe chumbani: ukiona -75 au chini zaidi, toa ruta nyuma ya runinga, ipandishe juu ya kabati, pasipo na chuma mbele yake. Usikimbilie kununua kirudia mawimbi. Kile cha bei nafuu husema kila kitu mara mbili kwenye chaneli ile ile, yaani unaongeza mtu kwenye foleni uliyokuwa unaikimbia.

Chaneli zote tatu zina vifaa zaidi ya kumi na hazitofautiani. Kwenye ploti kubwa hutokea. Kilichobaki ni kuwatoa wale wa 3, 4, 8 na 9, na hilo linahitaji maneno, si mipangilio. Kwenye ploti moja ya Umoja tuliandika ujumbe kwenye kundi la WhatsApp la wapangaji: milango ya kushoto chaneli 1, ya kati 6, ya kulia 11, wote `20MHz`. Waliokubali walikuwa kama nusu. Wengine ilibidi kwenda kuwabadilishia mlango kwa mlango, na mzee wa ghorofa ya tatu alikataa katakata, akisema ruta yake haijambo na kelele ni zetu. Yuko chaneli 9 mpaka leo. Wa milango ya kushoto hawamsikii. Wa kati na kulia wamehamia 5GHz.